Uliyetuma ramani ya shule yenye "Idadi_ya_w", "Idadi_ya_1" na "Idadi_ya_2", unajijua!

FundiJedwali: Wakuu, mnamjua, simtaji. Nafungua .shp yake kwenye QGIS sasa hivi, nakuta Idadi_ya_w, Idadi_ya_1, Idadi_ya_2. Wasichana wako wapi hapo? Hata mpiga ramli angerudisha hela!

Kwenye Excel vichwa vilikuwa "Idadi ya wavulana", "Idadi ya wasichana" na "Idadi ya walimu". Akabadilisha nafasi kuwa vistari vya chini, akaona kazi imeisha. Data ya .shp hukaa kwenye .dbf, na humo jina la safu halizidi herufi 10. Herufi 10 za kwanza za vichwa vyote vitatu ni zilezile, Idadi_ya_w. Programu ilipoona yanagongana ikabakiza 8 na kubandika namba. Wasichana wa wilaya nzima wamegeuka _1! _1, jamani!

Kibo_R: Punguza presha mkuu. Angepitisha `clean_names()` ya janitor, yote yangeisha.

FundiJedwali: Yangeisha wapi? Inasafisha, haifupishi. Ingempa idadi_ya_wavulana, herufi 17, na .dbf ingekata palepale. Neno linalotofautisha ndilo litangulie, "Idadi ya" itupwe:

```
names(d)[3:5] <- c("wavulana", "wasichana", "walimu")
```

Kichwa kamili kinawekwa kwenye karatasi ya pili ya Excel, kando ya jina fupi. Dakika tano tu! Badala yake tunaletewa _1!

mama_takwimu: Namba hufuata mpangilio wa safu, kwa hiyo _1 ni kichwa cha pili kwenye Excel. Unapigia kelele kitu cha kuangalia tu.

FundiJedwali: Kama hakuzihamisha safu kabla ya kutoa faili. Nimejumlisha _1, jumla imelingana na ya walimu. ALIZIHAMISHA.

mama_takwimu: Hapo pole.

Pwani_Stata: Afadhali yako. Mimi nimeletewa "Ufaulu (%)" na "Ufaulu (#)", mtu kafuta alama zote, zimebaki Ufaulu mbili. Alama iliyobeba maana igeuzwe neno kwanza: ufaulu_pct, ufaulu_n. Ndipo ufute mabano.

Kibo_R: Hiyo sasa janitor inaiweza, % inakuwa percent na # inakuwa number.

Dodoso_Tu: Nyie mnalia na herufi 10? Kichwa changu kina Alt+Enter katikati na nafasi mwishoni. Kwa macho ni "Kata", lakini kuunganisha majedwali kunagoma. `LEN` inasema 6!

Pwani_Stata: `TRIM` kwa nafasi, `CLEAN` kwa hiyo Alt+Enter. Ila ikiwa katikati ya maneno mawili, CLEAN itayagandisha, bora `SUBSTITUTE` ya `CHAR(10)` iweke nafasi.

Dodoso_Tu: Na wanaoita kila safu q1, q2, q3 je?

mama_takwimu: q1 ni sawa, dodoso likiwepo.

Kibo_R: Si sawa hata kidogo. Swali likiongezwa katikati, q zote zinahama.

FundiJedwali: Uzi ni wa _1 lakini!

Dodoso_Tu: Kibo_R, basi tuziiteje? Maswali yako 140.