Picha za treksuti zinatoka na nembo za watu hata nikikataza: nifanyeje?

Sindano_Chake
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nashona Chake Chake. Klabu moja ya vijana wanataka treksuti 40 za buluu, na wanasema "kama zile za mistari mitatu". Kabla sijakata kitambaa huwa nawatolea picha kwa akili mnemba ili wachague. Prompti yangu ni hii:

```
adidas style tracksuit, navy, no logo, luxury look
```

Kila ikitoka, kifuani pana kitu mfano wa majani matatu yaliyopindika, chini yake herufi zisizosomeka, na mistari ubavuni. Nimeandika `no logo` mara tatu mfululizo, hali ni ile ile. Nitoe nini, niongeze nini? Sitaki kuwapelekea vijana picha yenye nembo ya mtu, halafu watake nishone hivyo hivyo.

Kichwele
Ondoa jina la kampuni, basi. Mistari fanya minne. Adidas walimshitaki mbunifu wa mavazi Thom Browne kwa mistari minne, na Januari 2023 baraza la mahakama New York likampa haki Thom Browne. Minne ni salama.

Fundi_wa_Mkoani
Waalaykum salaam. Kichwele, kuhusu jina umesema kweli. Kuhusu mistari, hapana, nitarudi huko.

Sindano, jina ndilo linaloleta nembo. Programu imejifunza kwa picha zilizoandikwa jina hilo, na karibu zote zina nembo kifuani. Kwa programu, jina na nembo ni kitu kimoja. Na `no logo` ukiiandika ndani ya prompti inakuharibia zaidi, kwa sababu programu nyingi za picha hazishiki vizuri neno la kukataza: zinashika "logo" na kukuletea logo. Unachokikataa kiweke kwenye kisanduku cha `Negative prompt`. Kwenye Midjourney kinakwenda mwishoni baada ya `--no`. Hata `luxury` itoe, nayo huvuta nembo.

Halafu usiache kifua kitupu katika maelezo. Pasipotajwa kitu, programu hujaza inachokizoea. Eleza nguo kama unavyomweleza fundi mwenzako: mkono umeungwaje, kola ya aina gani, rangi ipi wapi.

```
flat lay of a zip-up jersey track jacket, navy body,
raglan sleeves in sand, stand-up rib collar,
thin bottle-green piping on the raglan seam only,
plain chest, plain metal zip puller, matte fabric
```

Na kwenye kisanduku cha kukataa:

```
logo, text, letters, emblem, badge, patch, side stripes
```

`Flat lay` ni nguo iliyolazwa mezani bila mtu. Ukiweka mtu, atavaa viatu, na kiatu nacho kitakuja na nembo ubavuni ambayo hukuiomba.

Toa picha 4, namba ya `Seed` uiache ile ile, kisha badilisha neno moja tu kila mara. Ukibadilisha matano kwa pamoja hutajua lipi limeleta doa.

BiPindo
Jamani na mimi kanga zangu! Naomba mji wenye mikorosho, pindo la mawimbi, na jina la kanga chini. Jina linatoka herufi zimevurugika. Na mara moja mji ulitoka sawasawa na kanga iliyopo dukani Darajani. Hili nalo ni la nembo?

Fundi_wa_Mkoani
Dada, lako ni jengine kidogo, la kunakili mchoro. Jina usiliombe kabisa. Omba mji na pindo, acha sanduku la jina tupu, uliandike mwenyewe baadaye. Mchoro uliokutia shaka upitishe Google Lens, lakini kanga nyingi hazimo mtandaoni, kwa hivyo Lens ikikosa kitu usiseme umesalimika. Waulize wauzaji wa kanga, wao wanazijua.

Sindano_Chake
Nimejaribu. Picha tatu safi, ya nne ina alama ndogo upande wa kushoto wa kifua. Rangi za hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Nimeipaka alama kwa `Inpaint` ili pachorwe upya hapo tu, lakini kivuli chake kimebaki.

Fundi_wa_Mkoani
Bila shaka `Denoising strength` iko chini, pengine 0.3. Kwa kiwango hicho programu inaanzia kwenye rangi zilizopo, kwa hivyo inaichora upya ile ile. Ipandishe hadi 0.6 au 0.7, na `Masked content` uchague `fill` badala ya `original`. Eneo unalopaka liwe pana kupita alama, mpaka ufike kitambaa kitupu pande zote. Prompti ya hapo iwe fupi: `plain navy jersey fabric`. Ukiirudisha prompti yote, inaweza kukuchorea koti dogo ndani ya koti.

Kisha ikuze uangalie kifua, kishikio cha zipu, ndani ya kola na kiuno cha suruali. Na ukiipitisha kwenye programu ya kukuza picha, ikague tena, kwani baadhi yake hubuni: kidoa kisichoonekana kinatoka kama herufi.

Nembo iliyopindika usiione mpya. Mtu akiitazama kwa mbali na kuikumbuka ya asili, tatizo ni lile lile. Usiipeleke kwa mtu wa tarizi.

Kichwele
Hujanijibu kuhusu mistari minne.

Fundi_wa_Mkoani
Kesi ile iliamua nguo zile za Thom Browne. Mistari yake inazunguka mkono na mguu kama pete, na ni nguo za bei kubwa sana. Sindano anazungumzia treksuti ya michezo yenye mistari inayoshuka ubavuni, na mteja ametamka mwenyewe "kama ile". Isitoshe, uamuzi wa New York haufungi mtu Zanzibar. Kwetu kuna Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2008, na alama zinasajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Usajili wa BRELA ni wa Bara, hauvuki bahari. Lakini alama isipokuwemo BPRA usichukulie kuwa ni halali yako, maana Mkataba wa Paris unazilinda alama mashuhuri hata pasipo usajili.

Mzalia_Wete
Kwa hiyo mstari mmoja je? Suruali bila mstari vijana hawaitaki.

Fundi_wa_Mkoani
Mstari mmoja ubavuni ni jambo la zamani, hata sare za askari zinao. Mimi ningeukubali, uwe mpana na wa rangi moja. Rangi ndiyo ya kuangalia: kijani, nyekundu, kijani kwa mpangilio huo ni ya Gucci.

Kichwele
Mimi bado naona kuna watu wanashona miwili na mitatu kila siku na hawajaguswa.

Fundi_wa_Mkoani
Kutoguswa si ruhusa. Ila mwisho wa kufanana ni wapi hasa, hapo hata mawakili hubishana, siwezi kukupa kipimo cha sentimita.

Sindano_Chake
0.65 na `fill`, alama imetoka yote. Zipu nimeikuza, safi. Suruali nimeweka mstari mmoja wa mchanga wa sm 3, nawapelekea kesho asubuhi. Wakisisitiza mitatu nitawaonyesha hii na ile ya ukingo wa kijani begani, wachague kati ya mbili hizo.