Bosi kabandika mlolongo wa imeili bila swali: nimpe muhtasari, orodha ya kazi au rasimu ya jibu?

Karani_Tukuyu (saa 3:10 asubuhi)
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nipo ofisini hapa Tukuyu, kampuni ndogo ya kukusanya parachichi na kupeleka nje. Bosi yuko njiani kwenda Makete. Asubuhi kanitumia Watsapu mlolongo mrefu wa imeili, kakopi wote akabandika. Hakuna swali, hakuna "shughulikia hii", hakuna kitu. Nikipiga simu haipatikani.

Mwezi uliopita alifanya hivihivi, nikamwandikia muhtasari mzuri wa ukurasa mzima. Akaniuliza, "Sasa jibu liko wapi?" Safari iliyofuata nikaandika jibu kabisa, akasema nani kanituma. Saa 10 hivi huwa anashika mtandao dakika chache kabla ya kushuka shambani, na nataka akute kitu kinachomfaa. Kati ya hayo matatu mngechagua lipi?

Excel_Kwanza
Orodha ya kazi, mjadala umeisha. Safu nne tu: kazi, nani, lini, imefikia wapi. Mimi kila mlolongo nautia kwenye Excel, hata bosi asiposema kitu. Muhtasari ni hadithi, hakuna anayefanyia kazi hadithi.

Fundi_Mwanjelwa
Simu ikishajaa, Watsapu inasumbua. Inawezekana kabisa aliandika swali likabaki huko. Mwambie afute kashe, au aje dukani nimwangalizie.

Karani_Tukuyu
Fundi, simu ni mpya. Hakuandika tu, ndivyo alivyo.

Kamwene_NJ
Kamwene dada. Umetuuliza dawa bila kusema mgonjwa anaumwa nini. Imeili ziko ngapi? Ya juu kabisa kaandika nani, kamwandikia nani? Kuna tarehe ya mwisho humo ndani? Bosi wako anajibu kwenye mlolongo au yuko kwenye Cc tu? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

MzeeWaMafinga
Marahaba mwanangu. Mimi nimekaa masijala miaka mingi. Jalada likija mezani bila dokezo, hulifanyii lolote, unalirudisha na maneno mawili: "Naomba maelekezo." Siku hizi vijana mnabahatisha nia ya mkubwa, halafu mnalia mkifokewa. Uliza.

Kamwene_NJ
Mzee wangu, nakuheshimu, ila jalada lilikuwa linasubiri na matunda hayasubiri. Na huyo mkubwa hapatikani.

BintiWaKiwira
Mimi nasema usiandike jibu kabisa, na nina sababu. Niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja ya mazao, siitaji. Meneja akanitumia mlolongo hivihivi, kimya. Nikaona mnunuzi kauliza bei, chini kabisa bei ipo, nikajiona mjanja. Nikaandika jibu zuri, nikaliweka juu ya mlolongo uleule, nikalituma moja kwa moja kwa mnunuzi ili meneja akirudi akute kazi imekwisha.

Ile bei ya chini kabisa ilikuwa ya mazungumzo ya ndani. Imeili mbili za mwanzo walikuwa wanaandikiana meneja na mhasibu tu, wakisema "tukibanwa sana tushuke mpaka hapa". Mnunuzi aliingizwa kwenye imeili ya tatu, na yeye alikuwa kajibiwa kwa imeili safi. Mimi nikampelekea mlolongo mzima, na ya mhasibu ikiwa chini. Jibu lilirudi baada ya dakika 20: amekubali, kwa bei ileile ya kubanwa. Hakuna aliyenifokea. Meneja alinyamaza wiki nzima, na huo ukimya ndio ulinifanya nihame.

Tangu siku hiyo naandika muhtasari tu, na nausoma mlolongo kuanzia chini kwenda juu, nikiandika pembeni nani aliingia lini.

Excel_Kwanza
Pole. Ila ungekuwa na jedwali hilo lisingetokea.

BintiWaKiwira
Jedwali lingeandika "mjibu mnunuzi bei", nami ningemjibu vilevile.

Karani_Tukuyu (saa 4:25)
Samahani, kuna mzigo ulikuja. Ziko 7. Wamo mnunuzi wa Rotterdam, wakala wetu wa Dar, msimamizi wa pakihausi na bosi. Ya juu kabisa ni ya bosi mwenyewe, neno moja: "Endeleeni."

Kwa kifupi, mnunuzi anataka kontena la paleti 20, saizi 20 tupu. Pakihausi wanasema saizi 20 inatosha paleti 14, zinazobaki ni saizi 24, matunda madogo zaidi. Bosi akamwandikia mnunuzi maswali, mnunuzi akarudisha akisema "nimejibu kwa rangi nyekundu chini ya maswali yako", na anataka uthibitisho leo Alhamisi 17:00 saa zao. Wakala anauliza jina la mpokeaji na uzito ili aombe cheti cha afya ya mimea, kontena linafika Jumamosi.

Excel_Kwanza
Si unaona? Kazi mbili: mthibitishie mnunuzi, mtumie wakala uzito. Dakika tano.

Kamwene_NJ
Subiri kwanza. Dada, hiyo "Endeleeni" kamwambia nani? Na hayo majibu ya rangi nyekundu yanaonekanaje ulivyobandikiwa?

Karani_Tukuyu
Alimjibu msimamizi wa pakihausi, mnunuzi hayumo. Nyekundu haipo, yote ni nyeusi. Panasomeka hivi: "Mnaweza kupokea saizi 24? Ndiyo, hadi paleti 6 kwa bei pungufu. Pungufu kiasi gani, senti 50 za yuro kwa katoni? Tunahitaji uthibitisho Alhamisi."

Kamwene_NJ
Ugonjwa ndio huo. Ukibandika Watsapu rangi inapotea, na maswali na majibu yanakuwa mdomo mmoja. Sasa hizo senti 50, nani kazitaja? Inawezekana ni bosi aliuliza "ni senti 50?" na mnunuzi hakujibu. Inawezekana pia bosi aliuliza kiasi tu, na mnunuzi ndiye aliyeandika 50. Ukiandika muhtasari leo utasema "mnunuzi ametaka punguzo la senti 50", na huenda si kweli. Bosi ataupitisha kwa sababu umeandikwa vizuri.

Halafu orodha ya Excel_Kwanza ina kasoro ya mpangilio. Uzito wa wakala unategemea bei. Sisi paleti moja ni katoni 264 za kilo 4, na nadhani ninyi vilevile. Paleti 20 ni katoni 5,280, kilo 21,120. Lakini wasipoelewana bei ya saizi 24, zinaondoka paleti 14 tu, kilo 14,784. Hicho cheti cha afya ya mimea cha TPHPA kinaandikwa kiasi. Ukituma kilo 21,120 leo halafu zikaenda paleti 14, wakala anaanza upya huku kontena limeshafika.

"Endeleeni" nayo isikudanganye. Imewafungulia pakihausi wapange matunda. Haijamjibu mnunuzi, na haijakubali bei. Kwa hiyo kati ya watu watatu waliouliza kitu humo, mmoja tu kajibiwa.

BintiWaKiwira
Haya, umechagua lipi sasa? Umechambua vizuri ila hujachagua.

Kamwene_NJ
Rasimu ya jibu, lakini isiyotumwa na yenye pengo kwenye bei. Mnunuzi kauliza, saa inahesabika, na mwenye mamlaka ya bei ni bosi peke yake. Ingekuwa bosi yuko kwenye Cc tu, ningesema muhtasari wa mistari mitatu. Ingekuwa kila swali limejibiwa, zimebaki ahadi tu, ningekubaliana na Excel_Kwanza.

Juu ya rasimu mwandikie hivi, aone kwenye simu bila kusogeza:

"Bosi, kinachokusubiri ni kimoja: bei ya saizi 24, paleti 6. Mwisho leo saa 12 jioni saa zetu. Senti 50 kwa katoni alisema yeye au ulisema wewe? Kwa katoni 1,584 ni yuro 792. Niandikie kiasi, nitajaza. Wakala nimemwambia asubiri uzito mpaka jioni. Nimechukulia unataka kumjibu mnunuzi, kama sivyo niambie."

Rasimu iende kwenye ujumbe wa pili, peke yake, bila mlolongo chini. Hilo ni la BintiWaKiwira.

Excel_Kwanza
Mbona saa 12? 17:00 ni saa 11.

Kamwene_NJ
Saa 11 ya Rotterdam. Miezi hii ya joto wako nyuma yetu saa moja, kwao ikiwa 17:00 kwetu ni 18:00. Kipindi chao cha baridi tofauti inakuwa saa mbili.

Excel_Kwanza
Sawa. Ila hiyo mistari yako bado ni orodha ya kazi, umeificha tu.

MzeeWaMafinga
Na ile "alisema yeye au ulisema wewe" ni swali. Yaani mmezunguka Kitonga nzima mkarudi nilipokuwa: uliza.

Kamwene_NJ
Mzee, kuuliza "unataka nini?" na kuuliza "ni 50 ya nani?" si kitu kimoja. La kwanza linamrudishia kazi yote. La pili analijibu kwa neno moja akiwa kwenye gari.

MzeeWaMafinga
Naomba maelekezo ni maneno mawili.

Fundi_Mwanjelwa
Afowadi tu imeili yenyewe badala ya kukopi, rangi itabaki na viambatanisho vitakuja. Hilo nina uhakika nalo.

BintiWaKiwira
Leo Fundi umesema la maana.

Karani_Tukuyu (saa 1:40 usiku)
Ndaga fijo wote. Nilituma ujumbe kama wa Kamwene, na rasimu peke yake. Bosi akashika mtandao saa 10 na nusu, akajibu: "50 ni yake. Mwambie 30." Nikajaza, nikatuma saa 11 kasoro. Mnunuzi hajajibu mpaka sasa, hata kukataa hajakataa, na wakala ananisumbua uzito.

Halafu jioni bosi akaniandikia tena: "Nilikutumia uone kontena linakuja lini, utafute vijana wa kupakia Jumamosi." Kumbe alikuwa anataka siku tu.

MzeeWaMafinga
Hehehe.

Excel_Kwanza
Safu ya "lini". Nilisema.

Kamwene_NJ
Siku ya kontena ningeiweka mstari wa pili, hapo nakubali nilikosea. Ila bila rasimu, saa 12 ingepita na mnunuzi hana jibu. Wakala mwambie kweli: ama 21,120 ama 14,784, utampa kesho asubuhi. Hao vijana umewapata?

Karani_Tukuyu
Wanne. Natafuta wengine wawili.

Mkulima_Ileje
Samahani kuingilia. Hizo saizi 24 zikikataliwa mnaziuza wapi, na kwa mkulima mnanunua kilo shilingi ngapi? Mimi nina miti 60 ya Hass imeanza kubeba.

BintiWaKiwira
Fungua uzi wako ndugu, humu bei ndogo zinaponza watu.