Kitabu cha kwanza kwa mtoto asiyetulia: cha kurasa ngumu, cha vifuniko au cha hadithi?

MamaZawadi_Mwanga
Habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri wa haraka. Mdogo wangu yuko Dar, anapanda treni kuja Kigoma wiki hii, na amesema atamletea mwanangu kitabu kimoja. Amenitumia picha za vitatu nichague. Cha kwanza kina kurasa ngumu kama boksi, kila ukurasa mnyama mmoja. Cha pili kina vifuniko vya kufunua na vitufe vya kutoa sauti. Cha tatu ni hadithi ya Kiswahili, karatasi laini, mistari minne mitano kila ukurasa na picha zimejaa watu sokoni. Bei zinakaribiana. Shida ni kwamba mtoto hatulii kabisa. Nikianza kusoma anakifunga, anakitupa, anakwenda zake. Kipi kitamshika?

BabaKulwa_Isevya
Dada, umri hujasema. Miezi kumi na miaka mitatu ni watoto wawili tofauti. Halafu akishika kitabu anafanya nini? Anatafuna, anachana, au anafunua? Na nyumbani mnaongea lugha gani? Bila hayo tutakuwa tunakisia tu.

Mzee_wa_Katubuka
Mwanangu, achana na vitabu vya wanyama. Nunua ile chati ya a e i o u, ibandike ukutani usawa wa macho yake. Wangu wote walianza hivyo na darasa la kwanza waliingia wanasoma.

MamaZawadi_Mwanga
Samahani BabaKulwa. Ana mwaka mmoja na miezi mitano. Anatia kila kitu mdomoni, anapenda sana kufunua, na siku hizi anaonyesha kidole: kuku, taa, pikipiki. Mimi na baba yake tunaongea Kiswahili, bibi yake anamsemesha Kiha. Shikamoo Mzee wa Katubuka, chati nitaikumbuka akikua, kwa sasa hata kusema "kuku" bado anasema "ku".

Mwalimu_Awali_Ujiji
MamaZawadi, chukua cha kwanza, lakini kwanza mwambie mdogo wako akufungulie kurasa zote uzione. Vitabu vingi vya aina hiyo vinavyouzwa Dar vimetengenezwa kwa watoto wa kwingine, ukifungua unakuta dubu mweupe wa barafu. Mtoto wako anaonyesha kidole kwa kuku na taa. Kidole hicho kinakwambia ameanza kuelewa kwamba picha ni ya kutazamwa na kuzungumziwa. Mtoto wa miezi tisa hujaribu kuibandua picha kutoka kwenye karatasi, akifika mwaka na nusu ndipo anaonyesha na kukusubiri useme jina. Kwa hiyo mpe vitu anavyoviona uani: kuku, mbuzi, bata, ng'ombe, paka.

Picha moja kwa ukurasa ina sababu yake. Ukisema "mbuzi" na ukurasa una mbuzi, mama, kikapu na miti, mtoto hajui unasema kipi. Hata watoto wakubwa kidogo, wa miaka mitatu hivi, imeonekana wanajifunza maneno vizuri zaidi wakitazama picha moja kwa wakati kuliko mbili zilizo wazi pamoja. Na angalia picha zenyewe. Kwa umri wa mwanao, picha ya kamera au mchoro unaofanana na kitu halisi humsaidia kulihamisha jina hadi kwa kuku wa nje. Katuni yenye kuku wa zambarau humpa kazi zaidi.

Cha vifuniko kitamshika mkono, hilo ni kweli. Ila akili yake itakuwa kwenye kifuniko, jina la kilichofichwa chini yake halitasikika.

DadaSakina_Kasulu
Mimi naomba nizungumzie hicho cha vitufe, maana naona Mwalimu amekipitia kwa upole sana.

Shemeji yangu aliniletea kitabu cha hivyo, kipya kabisa, kwenye mfuko wake. Kilikuwa kizuri kwa macho: simba, tembo, ukibonyeza kinanguruma. Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi kama ya Zawadi. Siku za kwanza hakukiacha. Anabonyeza, anabonyeza, hafunui hata ukurasa, na mimi nikisema "huyu ni tembo" sauti ya kitabu inanifunika. Baadaye vifuniko vikaanza kung'oka, kimoja nikakitoa mdomoni kimelowa. Hilo ningelivumilia. Jioni moja nafagia sebule naona kitu kinang'aa chini ya kiti: betri ndogo ya duara, ile kama sarafu. Kufungua kitabu nyuma, mfuniko wa betri ulikuwa wa kubana tu, hauna skrubu. Kilivyotupwa chini mara kadhaa ukaachia. Ndani zilikaa betri tatu, nimeona moja sakafuni na moja kitabuni.

Tulipindua nyumba nzima. Ya tatu tuliikuta ndani ya kiatu cha baba yake. Lakini kwa muda ule wote sikujua kama iko tumboni mwa mtoto. Betri ile ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili tu, na mtoto anaweza kuonekana ana mafua au anakataa kula basi. Ukishuku amemeza, usingoje atoe choo, mkimbize hospitali apigwe eksrei. Kwa hiyo MamaZawadi, kama mtu ameshakinunua, mfuniko wa betri usio na skrubu ni sababu tosha ya kukirudisha dukani.

MamaZawadi_Mwanga
Uwiii Sakina. Pole sana. Cha pili nimekifuta.

BabaKulwa_Isevya
Pole dada Sakina. Sasa mimi natetea cha tatu. Hicho cha wanyama kina maneno kumi jumla. Mtoto akishazoea "mbuzi" na "bata" kimeisha. Hadithi inampa sentensi, inampa lugha. Sisi hapa Tabora tumelelewa na hadithi za jioni, hakuna aliyetuonyesha bata mmoja mmoja. Na mnamchanganya mtoto kwa Kiha na Kiswahili, ndiyo maana anasema "ku". Chagueni lugha moja kwanza, nyingine aje aipate shuleni.

Mwalimu_Awali_Ujiji
BabaKulwa, kwenye sentensi uko sahihi, ila sentensi si lazima zitoke kwenye maandishi. Kitabu cha bata mmoja unaweza kukiongelea: "Bata anaogelea. Bata wa mama Asha wako wapi? Wamekwenda ziwani." Na hicho cha hadithi anaweza kununua pia, mradi asikisome mistari yote. Mistari mitano kwa mtoto wa umri huo ni mirefu. Yeye aseme jambo moja kuhusu picha na kufunua.

La lugha mbili sikubaliani nawe. "Ku" ni kawaida kabisa kwa miezi 17. Mtoto wa lugha mbili ukimhesabia maneno ya Kiswahili peke yake utaona machache. Hesabu na ya Kiha pamoja. Bibi aendelee.

BabaKulwa_Isevya
Nimekusikia Mwalimu, ila kwangu nimeona tofauti. Hilo tuliache.

MamaZawadi_Mwanga
Shikamoo Mwalimu. Sasa hata hicho cha kwanza, nifanye nini akikifunga? Jana kwa kitabu cha jirani alikaa labda dakika mbili.

Mwalimu_Awali_Ujiji
Marahaba. Dakika mbili za mtoto huyo ni kikao kamili. Fanya hivi. Chagua saa ameshiba na hana usingizi mzito, baada ya kuoga kwa mfano. Mpakate akitazama ukurasa, kitabu akishike yeye. Afunue yeye, hata akiruka kurasa tatu au akianzia nyuma. Usirudishe. Akisimama kwenye picha, nyamaza kwanza, mpe nafasi. Akiweka kidole kwa kuku na kusema "ku", mjibu kwa kuongeza kidogo: "Kuku. Kuku anadonoa mahindi." Usimgeuzie mtihani wa "hii nini, hii nini" kila ukurasa, hapo ndipo wengi wanakifunga.

Akishuka na kuanza kuzunguka chumbani, endelea kusema ukurasa mmoja kwa sauti ya kawaida. Wengine wanasikiliza wakitembea, utaona anageuka ukitaja anachokipenda. Lakini akikisukuma, akijinyoosha mgongo au akilia, sema "tumemaliza" na ukiweke. Kiweke chini anapokifikia, si juu ya kabati. Atakileta mwenyewe, na atakileta kilekile. Kubali kilekile. Mtoto anashika neno kwa kulisikia mara nyingi mahali pamoja kuliko kwa kubadilishiwa vitabu kila siku.

FundiSteshenari_Gungu
Mbona hakuna aliyetaja kutengeneza? Nina duka la steshenari, wazazi wananiletea picha nawatengenezea. Piga picha kwa simu vitu vya kwake: bibi, kuku wenu, ndoo, embe, kiatu cha baba, mtumbwi pale Kibirizi. Kitu kimoja, nyuma yake pawe wazi, ukuta au mkeka usio na maua. Anza na picha nane.

Chapa kila picha saizi ya sentimita 10 kwa 15. Bandika mbili mgongo kwa mgongo, katikati weka manila ili ukurasa usilegee. Kisha laminesheni. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanakata plastiki usawa wa karatasi. Mate yanaingia pembeni, karatasi inavimba, baada ya wiki inafunguka kama mkate. Acha plastiki tupu nusu sentimita kuzunguka pande zote, na upande wa kufungia acha sentimita mbili. Matundu ya panchi yapite kwenye hiyo plastiki tupu, yasiguse karatasi. Kona zikate mviringo kwa mkasi, zikibaki kali zinachoma jicho. Funga kwa uzi imara, fundo mbili, ncha fupi kabisa. Usitumie pini za stepla wala pete za chuma zinazofunguka.

DadaSakina_Kasulu
Hii nimeipenda. Na wenye hamu ya hadithi, africanstorybook.org ina za Kiswahili za bure, unapakua na kuchapa. Ila chapeni, msimpe simu. Wangu akipewa simu anasogeza picha kwa kidole mpaka mwisho, haangalii kitu.

MamaZawadi_Mwanga
Basi mdogo wangu alete cha kurasa ngumu kama hakina dubu, kikiwa na dubu asinunue, nitakuja Gungu na picha zangu. Cha hadithi bado nafikiria, BabaKulwa kanigusa kidogo. Fundi, picha za simu ya kawaida zinatoka vizuri?

FundiSteshenari_Gungu
Zinatoka, mradi upige mchana, nje kivulini. Nitumie faili yenyewe kama dokumenti, ikija kama picha WhatsApp inaipunguza.

MamaPili_Ipuli
Samahani kuingilia. Mimi nina wa miaka minne na wa mwaka mmoja. Mkubwa ananyang'anya kitabu na kumjibia mdogo kila picha. Nifanyeje?

BabaKulwa_Isevya
Mpe mkubwa hicho cha tatu cha hadithi, akusomee picha kwa maneno yake wakati mdogo ana chake cha kurasa ngumu. Wangu pacha, kila mmoja na chake, hata kama vinafanana.

MamaPili_Ipuli
Nilijaribu. Anataka cha mdogo.