Naomba ushauri: kinywaji kimejitenga na bilauri, pembeni kuna ukanda wa rangi ya fedha (Blender, Cycles)

Kivuli_Kirefu
Habari wakuu. Nina bilauri iliyonyooka, kipenyo cha nje 70 mm na ukuta wa 2 mm. Ndani kuna kinywaji cha rangi ya kaharabu. Kioo nimekipa IOR 1.5 na kinywaji 1.333, vyote Glass BSDF. Nikirenda, kinywaji kinaonekana kama nguzo iliyosimama peke yake katikati, na kila upande kuna ukanda mwembamba usio na rangi, unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Halafu rangi yenyewe ni ileile kila mahali, kama plastiki. Kosa liko wapi?

Pikseli_Tatu
Mkuu, meshi zako zinagusana. Nyuso mbili zikikaa mahali pamoja Cycles haijui ipi ianze, unapata madoa meusi. Punguza kinywaji kidogo, acha nafasi hata ya 0.1 mm kati yake na kioo. Rangi iweke kwenye Color ya Glass BSDF, basi.

Fundi_Nuru
Hapo kwenye nyuso kukaa pamoja uko sahihi, lakini dawa uliyotoa ndiyo ugonjwa wenyewe. Naamini mwuliza swali tayari ana hiyo nafasi. Ukiacha 0.1 mm, kwa macho ni kidogo, ila kwa miale hapo pana hewa: mwanga unatoka kwenye kioo, unaingia hewani, ndipo unaingia kwenye kinywaji. Katika bilauri halisi kinywaji kimelowanisha kioo, hewa hiyo haipo.

Sasa angalia vipimo vyake. Nusu kipenyo ya nje ni 35 mm, ya ndani 33 mm. Ukitazama kwa usawa, mwale unaopita umbali wa kati ya 33 na 35 mm kutoka mhimili hauwezi kuvuka kutoka kwenye kioo kwenda hewani, unaakisiwa wote. Ndiyo maana ukanda wa fedha una upana wa karibu 2 mm kila upande, sawa na ukuta. Nafasi ikiwa ndogo au kubwa, ukanda haubadiliki sana. Kinywaji kikishikana na kioo, miale yote hiyo inaingia, na rangi inafika hadi ukingo wa nje wa bilauri. Ukuta wa upande unatoweka machoni. Ukitaka kujua kama renda yako ni sahihi, anzia hapo: sehemu iliyo tupu juu inaonyesha ukuta, sehemu iliyojaa haionyeshi.

Cha kufanya ni kinyume cha alichosema mkuu hapo juu. Kinywaji kiingie *ndani ya* kioo, kama 0.3 mm kwa ukuta wako wa 2 mm.

Kivuli_Kirefu
Asante mkuu. Nilichora silinda mpya ya kinywaji yenye pande 32, kioo kina 64. Niipanue tu?

Fundi_Nuru
Hapana, utaumia. Silinda ya pande 32 yenye nusu kipenyo cha 33 mm si duara. Katikati ya kila upande imerudi ndani kwa karibu 0.16 mm. Nusu ya ule mwingiliano wa 0.3 mm imekwisha hapo, na ukiwa umetumia mwingiliano mdogo zaidi, baadhi ya pande zitaachia hewa na utaona mistari ya fedha ya wima.

Tumia nyuso za bilauri yenyewe. Kama una Solidify, i-apply kwanza, na saizi pia kwa Ctrl+A, Scale. Ingia Edit Mode, chagua nyuso za ndani, chini na pembeni, hadi kimo cha kinywaji. Shift+D, kisha P, Selection. Kwenye meshi mpya funga juu kwa F, halafu Shift+N ili normali zitazame nje, maana ulizonakili zilikuwa zinatazama ndani. Mwisho Alt+S na uandike 0.0003. Washa Face Orientation: bilauri na kinywaji vyote viwe bluu kwa nje. Palipo jekundu Cycles inadhani mwale unatoka wakati unaingia, na IOR inageuzwa.

Kingo ya juu ya kinywaji inyanyue kama 2 mm pale inapokutana na kioo, ishuke taratibu kuelekea katikati. Maji hupanda ukutani. Bila hiyo uso wa juu unaonekana kama kifuniko.

Dirisha_Wazi
Mimi madirisha ya nyumba yangu yanatia giza chumba kizima. Niyape unene na IOR hivyohivyo?

Pikseli_Tatu
Hilo ni suala jingine. Dirisha bapa halihitaji unene, tumia Transparent BSDF na mwakisiko kidogo juu yake. Fungua uzi wako.

Rangi_na_Kina
Nijibu la rangi. Color ya Glass BSDF inazidishwa mwale unapovuka uso, haijali umepita milimita ngapi. Iache nyeupe. Rangi iende kwenye Volume, kwa Volume Absorption, ambayo hufuata hesabu hii kwa kila chaneli:

```
kinachobaki = exp(-Density * (1 - rangi) * umbali)
```

Umbali ni kwa mita. Kinywaji chako kina 66 mm, yaani 0.066. Tuseme unataka mwale uliopita katikati ubaki na nyekundu 0.9, kijani 0.5, buluu 0.1. Weka Density 35, na rangi 0.954, 0.70, 0. Mahali penye nusu ya kina hicho, buluu itabaki 0.32 badala ya 0.1, kwa hiyo pembeni patakuwa pepesi zaidi. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye plastiki yako.

Ila kama bilauri yako ina upana wa uniti 70 badala ya 0.07, Density hiyohiyo itakupa wino mweusi. Watu wengi hulaumu materiali wakati tatizo ni saizi.

Mstari_Mmoja
Mbona hamtaji njia ya nyuso tatu? Kioo na hewa 1.5, kinywaji na hewa 1.333, na uso mmoja tu kati ya kioo na kinywaji. Ule wa kati normali zitazame kwenye kinywaji, IOR 1.5/1.333, yaani 1.125. Mwingiliano unaleta mwakisiko wa ziada: kioo kwa maji kinaakisi karibu 0.35% mwale ukiingia wima, ninyi mnapata kama 4% na 2% zaidi.

Fundi_Nuru
Ni kweli, kwa maji meupe njia yako ni safi zaidi. Lakini Volume inataka meshi iliyofungwa, na ukigawa kuta za kinywaji kati ya materiali tofauti, Cycles haitambui vizuri mwale umeingia wapi na umetoka wapi. Huyu ana rangi. Mwelekeo wa miale kwenye mwingiliano unatoka sawa, kinachozidi ni mwakisiko hafifu tu.

Kivuli_Kirefu
Ukanda umeondoka, rangi imefika ukingoni. Sasa chini kuna madoa meusi, na kivuli mezani ni cheusi tii.

Rangi_na_Kina
Madoa: kuvuka bilauri iliyojaa ni nyuso 6, na miale ikiakisiwa ndani zinaongezeka haraka. Total na Transmission zote zipeleke 24; ukipandisha moja tu, nyingine inaibana.

Mstari_Mmoja
Kivuli: jaribu Shadow Caustics, kwenye taa, bilauri na meza. Ila ina kikomo cha nyuso 4. Kwa nyuso tatu zangu mwale wa pembeni unavuka 4 kamili.

Fundi_Nuru
Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye kitako kinene chenye kona sitegemei ifanye kazi. Mimi ningeongeza sampuli na kuacha Refractive ikiwa imewashwa.

Mstari_Mmoja
Na taa ndogo? Utasubiri mpaka kesho. Mkuu, weka picha ya kivuli na ukubwa wa taa yako tuone.