Folda ya OneDrive imefungwa na virusi vya fidia: naweza kuirudisha yote nyuma bila kupoteza kazi ya Jumapili?

MweneMkomani

Salaam aleikum wanauzi. Niko Lamu, naweka hesabu na buking za nyumba ya wageni iliyoko Shela. Ofisi yenyewe iko huku Langoni. Jumamosi jioni kijana wetu alipakua programu ya kuhariri picha, zile za kulipia zinazogawiwa bure, akaiweka kwenye laptopu ya ofisi. Haukupita muda faili zikaanza kuota mkia: `buking_agosti.xlsx` ikawa `buking_agosti.xlsx.cdtt`, na hivyo hivyo picha na risiti. Kila folda ina `_readme.txt` inayodai dola 980, au 490 tukilipa ndani ya saa 72.

Kulipa hatulipi. Folda ya kazi iko OneDrive, akaunti moja ya kulipia ya Microsoft 365, na inasawazishwa kwenye laptopu mbili: hiyo ya ofisi, na ya dada tunayefanya naye kazi kule Shela. Kwake pia faili zimegeuka `.cdtt`. Tatizo ni kwamba Jumapili asubuhi, kabla sijampata kwa simu, alishafungua faili mpya ya Septemba, akajaza buking za wageni na kupakia risiti za mashua.

Nimefungua mtandaoni kwa simu yangu, nikagusa faili moja, nikaona `Version history` ina toleo la Ijumaa, na linafunguka vizuri. Lakini faili zinapita elfu mbili. Nizirudishe moja moja? Nikirudisha zote, kazi ya dada itakwenda wapi? Halafu internet yetu ni ya bando la simu, sitaki liishe kabla kazi haijaisha.

Baharia_wa_Data

Rahisi sana kaka. Bonyeza kulia kwenye folda, ingia `Properties`, kisha `Previous Versions`. Chagua tarehe ya Ijumaa, gusa `Restore`, basi. Windows yenyewe huwa inaweka nakala.

FundiSega

Baharia, ungekuwa sawa kama folda ingefutwa kwa bahati mbaya. Hiyo `Previous Versions` inategemea nakala za kivuli zilizoko kwenye diski ya laptopu yenyewe, na virusi vya aina hii kitu cha mapema wanachofanya ni kuzifagia kwa amri kama hii:

```
vssadmin.exe Delete Shadows /All /Quiet
```

Kwa hiyo akifungua hapo atakuta patupu. Matoleo aliyoyaona kwenye simu ni mengine kabisa. Hayo yanakaa upande wa OneDrive, na virusi vilivyo kwenye laptopu havina mkono wa kuyafikia kirahisi.

MweneMkomani, usianze kurudisha chochote. Kwanza niambie: laptopu ya ofisi iko hewani?

MweneMkomani

Imewaka, ila nimesimamisha OneDrive kwa `Pause syncing`, saa 24.

FundiSega

Hapo ndipo wengi wanaporudishwa walikotoka. `Pause` ina saa 2, 8 au 24, na muda ukiisha inaendelea yenyewe bila kukuuliza. Wewe utakuwa umesharudisha faili nzuri mtandaoni, laptopu inaamka na virusi bado vimo ndani, inazipokea na kuzifunga upya. Zima wifi ya laptopu hiyo, kisha uizime yenyewe. Haitarudi kwenye akaunti mpaka isafishwe.

Kisha, kwa simu yako au kifaa kingine unachokiamini, badilisha nywila ya akaunti ya Microsoft na ya barua pepe. Mkia huo na barua ya dola 980 ni alama za ukoo wa STOP/Djvu, na ukoo huo mara nyingi huja na mwizi wa nywila aliyejificha ndani ya programu ile ile. Kila nywila iliyohifadhiwa kwenye brauza ya laptopu hiyo ihesabu kuwa imeshatoka. Kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti kuna `Sign out everywhere`, iguse pia, ingawa inaweza kuchukua hadi saa 24 kukamilika.

Laptopu ya dada nayo isawazishe baadaye. Kuona `.cdtt` kwake hakumaanishi ameambukizwa. Amepokea tu faili zilizofungiwa huku ofisini, kwa kuwa OneDrive kazi yake ni kupeleka kila badiliko kila mahali, zuri na baya. Dalili ya kuangalia ni kwenye Desktop yake, nje ya folda ya OneDrive. Kama faili za huko ziko salama na hakuna `_readme.txt`, basi yeye kapona. Hata hivyo aipige skani kamili.

StudioMalindi

Mimi yalinikuta hapa Malindi, picha za harusi, ila nilikuwa Google Drive. Huko wakati huo kila faili nililiendea peke yake, `Manage versions`, pakua la zamani, weka tena. Na matoleo yenyewe yanashikwa siku 30 au matoleo 100 tu. Nusu ya picha hazikuwa hata na toleo la zamani, nikalia. Kumbe zilikuwa kwenye `Trash`, nzima kabisa, nikazichagua zote na kuzirudisha kwa mpigo. Usiwahi kumwaga taka!

FundiSega

Asante Studio, hilo ni muhimu na watu hawalijui. Virusi hivi vina njia mbili. Kingine huandika juu ya faili ile ile kisha kuibadilisha jina. Hapo historia inaifuata, na toleo zuri utalikuta ndani ya faili yenye jina bovu, kama alivyoona MweneMkomani. Kingine hutengeneza faili mpya iliyofungwa na kufuta ya asili. Hapo faili mpya haina historia yoyote, ya asili iko kwenye taka. Ukitazama `Version history` peke yake unaweza kukata tamaa bure.

Kwa OneDrive ya kulipia huhitaji kuchambua ipi ni ipi, kwa sababu kuna kurudisha akaunti nzima kwa wakati mmoja, na inashughulikia njia zote mbili. Fungua onedrive.com kwenye brauza ya kompyuta safi, gusa gurudumu la mipangilio, ingia `Options`, halafu `Restore your OneDrive`. Pale kwenye tarehe chagua `Custom date and time`. Utaona grafu ya nguzo za siku 30 zilizopita na chini yake orodha ya kila kitu kilichotendeka. Nguzo ya Jumamosi itakuwa imesimama kama mnara. Usibonyeze `Restore` bado. Teremka kwenye orodha, tafuta tukio baya la kwanza kabisa, utuandikie hapa.

MweneMkomani

Nimekwenda saiba. Mnara nimeuona kweli. Tukio baya la mwanzo ni saa 12:52 jioni, `_readme.txt` imeongezwa, na sekunde hiyo hiyo majina yanaanza kubadilika. Kabla yake, saa 12:31, ni mimi nimehifadhi hesabu za samaki. Nikiiteua hiyo ya 12:52, kila kilicho juu yake kinajiteua chenyewe, pamoja na vya dada vya Jumapili. Nikijaribu kuviondoa vyake peke yake haikubali.

FundiSega

Ndivyo inavyofanya kazi, haina kuruka katikati. Inarudisha folda ilivyokuwa saa 12:51, na kila kilichofuata kinatenguliwa. Faili zilizozaliwa baada ya hapo zinapelekwa kwenye taka. Kwa hiyo kazi ya dada itolewe kwanza. Kwa kuwa yeye alifungua faili mpya, mambo ni mepesi: apakue ile ya Septemba na risiti zake, aziweke kwenye flashi au folda iliyo nje ya OneDrive. Azifungue ahakikishe zinasomeka. Kama angekuwa ameandika ndani ya faili ya zamani, ingebidi anakili mistari yake kwa mkono.

Kisha chagua 12:52, bonyeza `Restore`. Ukigundua umechagua pabaya, unarudi ukurasa ule ule, kile kitendo chenyewe cha kurudisha kitakuwa kwenye orodha na unaweza kukitengua.

Kuhusu bando: marudisho yanafanyika kwenye seva zao, hayali chochote kwako. Kinachokula ni laptopu zitakapoanza kupokea faili zilizorudi. Washa Files On-Demand kwenye laptopu ya dada, ili zibaki majina tu na zishuke pale anapozifungua.

ShehaWaMtandao

Mbona mnazunguka? Nendeni nomoreransom.org, kuna kifungulio cha Djvu cha bure.

FundiSega

Kipo Sheha, lakini kinasaidia zile zilizofungwa kwa ufunguo wa nje ya mtandao, tena ule uliokwisha kupatikana. Kwenye barua yao kuna kitambulisho. Kikiishia na `t1` kuna matumaini. La sivyo, ufunguo wanao wao peke yao. Mwenye matoleo ya kurudisha haanzii huko.

MweneMkomani

Wapendwa, imekubali. Ilichukua muda, lakini folda imerudi na majina yake, nimefungua hesabu za Julai na Agosti, zote sawa. Ya dada tumeiweka tena. Lakini picha za vyumba tulizopiga Jumamosi mchana hazipo, na mchana ule zilikuwa kwenye folda, kwa macho yangu nilizinakili. Kwenye taka nazikuta zina `.cdtt`, na historia yake ina toleo moja tu.

FundiSega

Mchana ule internet ilikuwaje?

MweneMkomani

Bando lilikuwa limekwisha. Tuliongeza jioni.

FundiSega

Basi ndiyo hiyo. Picha zilikuwa kwenye laptopu tu, zikisubiri foleni ya kupanda. Virusi vilizifunga kabla hazijapanda, na nakala ya kwanza OneDrive kuiona ilikuwa mbovu tayari. Hakuna toleo la kurudia. Kama kadi ya kamera haijafutwa, chukueni huko. Kama imefutwa, msipige picha nyingine kwa kadi hiyo, jaribuni PhotoRec, programu ya kuokoa picha zilizofutwa. Na hizo `.cdtt` zitoe kwenye taka uzihifadhi kwenye flashi, kwa sababu taka ya akaunti binafsi inajimwaga baada ya siku 30. Tazama na kitambulisho kwenye barua kinaishia na nini.

Baharia_wa_Data

Na laptopu ya ofisi? Mimi naona skani ya antivirasi mbili inatosha, Windows asipige upya.

FundiSega

Mimi napiga upya, kwa flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine. Mwizi wa nywila simwamini kwa skani.

MweneMkomani

Hapo bosi ndiye ataamua, kuna programu ya hesabu kwenye diski D ambayo haikuwa OneDrive na hatujui kama data yake imeguswa. Kitambulisho kinaishia na `Qe`. Kadi ya kamera iko kwa kijana, namngoja avuke kutoka Mokowe.