Natafsiri kumbukumbu za babu kwenda Kiingereza, tanbihi zimenizidi, naombeni ushauri

Mjukuu_wa_Matombo

Habarini wakuu. Babu yangu mzaa mama ana miaka themanini na kitu, ameandika maisha yake kwenye madaftari matano, Kiswahili kitupu na Kiluguru kidogo hapa na pale. Wajukuu zake wa Kanada Kiswahili wanakisikia tu, kukisoma hawawezi, so familia ikaamua mimi ndo nitafsiri, na kuna mhariri mmoja wa nje ameonyesha nia ya kukitoa kama kitabu kidogo.

Shida ni kwamba nimemaliza sura nne na nina tanbihi 61. Nilimpa binamu yangu kule asome akaniambia nahisi kama nasoma mtihani, kila mstari macho yanashuka chini ya ukurasa. Na kweli, angalieni kipande hiki cha babu:

"Baba alipofariki baba mdogo alitaka tubaki kwake lakini mjomba akaja siku ya tatu akasema watoto hawa ni wa kwetu, akatuchukua. Kule bibi akanipokea akasema mume wangu usilie."

Mistari miwili hiyo, tanbihi nne: baba mdogo, mjomba, wa kwetu, na hiyo mume wangu. Nikizitoa, msomaji wa kule anaona ami mmoja na mjomba mmoja wanagombania watoto halafu kikongwe anamwita mtoto wa miaka saba mume wake. Nikiziacha, kitabu kinakuwa tasnifu. Nyie mnaofanya hizi kazi mnafanyaje?

Kanyaga_Twende

Mkuu mbona unajitesa, tafsiri neno kwa neno basi. Baba mdogo ni baba aliye mdogo, mama mkubwa ni mama aliye mkubwa, Mzungu ataelewa kwamba kwetu ndugu wa baba naye ni baba. Utamaduni unabaki palepale. Mwisho wa kitabu weka faharasa ya maneno, kwisha.

Kalamu_Kavu

@Kanyaga_Twende nusu uko sahihi. Kulinda ule ubaba ni jambo la maana kwasababu Kiingereza kina neno moja tu kwa ami, mjomba, mume wa shangazi na hata rafiki wa baba, na ukilitumia hilo hadithi yote ya mjomba hapo juu inakufa. Lakini ukiandika "baba mdogo" kwa Kiingereza neno kwa neno msomaji anaona mtu mfupi. Nimeshaiona hiyo kwenye muswada nilioletewa kurekebisha, yan sura mbili nzima nilidhani yule mzee ana kimo cha mtoto. Na faharasa ya nyuma weka tu haina ubaya, ila usiitegemee, msomaji akijua jibu liko ukurasa wa 200 mara nyingi hafungui, anakisia na kuendelea.

Mjukuu, mimi natafsiri miaka kumi na kitu sasa, kwanza fanya hivi. Chukua daftari la kwanza, pigia mstari kila jina la undugu, halafu jiulize kila mahali: hapa undugu unafanya kazi yoyote? Kama babu anasema "nilimkuta shemeji dukani tukanunua chumvi" na huyo shemeji harudi tena, andika jina lake au "ndugu wa mke wangu" uende zako. Utashangaa zaidi ya nusu zinaondoka hivyo. Zinabaki chache zinazobeba hadithi, kwako naona mjomba, baba mdogo na mtani kama yupo. Hizo acha kwa Kiswahili, usiziandike kwa herufi za mlazo kama vile ni wageni, na mara ya kwanza tu ziingizie maelezo ndani ya sentensi yenyewe.

Kipande chako mimi ningekiandika kwa Kiingereza kitakachosomeka hivi, nakirudisha kwa Kiswahili muone:

"Baba alipofariki, mdogo wake, ambaye siku zote nilimwita Baba Mdogo, alitaka tubaki kwake. Siku ya tatu akaja Mjomba, kaka yake mama. Kwetu watoto hufuata upande wa mama, kama shamba linavyofuata, kwahiyo aliposema 'hawa ni wa kwetu' hakuna aliyembishia."

Kimeongezeka vipande vitatu vifupi, tanbihi hakuna hata moja. Kuanzia hapo ni Mjomba na Baba Mdogo kama majina ya watu mpaka mwisho wa kitabu, na ukurasa wa mwanzo kabisa unachora mti wa ukoo, mmoja tu, majina yasizidi ishirini.

Mama_Nuru

Samahani jamani naomba kuuliza hapahapa, mimi nilijaza fomu ya viza nikaandika baba kwa baba yangu mlezi ambaye ni baba mdogo, halafu cheti cha kuzaliwa kina baba yangu mzazi. Wakanirudishia wanasema nina baba wawili nieleze. Mtafsiri mwenye muhuri naye akaandika vilevile baba. Sasa hapo tafsiri sahihi ni ipi?

Kalamu_Kavu

Mama Nuru pole, yako ni tofauti. Kwenye fomu hakuna hadithi, pale unaandika ndugu mdogo wa baba mzazi, mlezi, basi. Kitabuni ukiandika hivyo unamuua mzee wa watu.

Mwana_Mgeta

Mimi ni Mluguru wa Mgeta, nimesoma huu uzi kwa furaha. Niongeze kwenye hilo la mjomba. Kwetu ukoo unapita kwa mama, ardhi ya ukoo ni ya upande wa mama, na mpwa ndo mrithi wa mjomba wake. Hata jina la Kingalu, la machifu wetu kule Kinole, halikuwa likitoka kwa baba kwenda kwa mwanae, lilikuwa likienda kwa mpwa. Kwahiyo mjomba wa babu hakuja kufanya huruma, alikuja kuchukua watu wake, na baba mdogo alijua kabisa hana kesi. Kalamu Kavu sentensi yako imekaa vizuri ila "kama shamba linavyofuata" mimi naona umemwekea babu maneno mdomoni. Yeye hakuyaandika kwasababu aliowaandikia wanajua. Ukianza kuongeza sentensi moja hapa moja pale mwisho kitabu ni chako sio chake.

Swali, mzee yupo hai? Anaongea vizuri?

Mjukuu_wa_Matombo

Yupo, anaongea mpaka unachoka wewe 😂 masikio tu ndo yanasumbua.

Mwana_Mgeta

Basi tanbihi zako 61 ziko kwenye mdomo wake. Nenda na simu urekodi, lakini usimuulize "babu mjomba maana yake nini" atakupa jibu la darasani. Mwambie "msimulie yule mtoto wa Kanada siku mjomba alipokuja". Atajieleza mwenyewe maana anajua yule hajui. Ndo sentensi hizo unaingiza, ni zake.

Kalamu_Kavu

Nakubali, hiyo imenizidi akili. Na ukienda beba na orodha ya jinsia. Kiswahili hakisemi mke au mume, Kiingereza kinakulazimisha useme. Ndugu, mpwa, mjukuu, mtani, shemeji, jirani, zote hizo ukifika kwenye kitenzi cha pili tu unadaiwa ni yeye wa kike au wa kiume. Watu wanakisia kuwa ni mwanaume halafu sura ya sita mtu anajifungua.

Kanyaga_Twende

Hahaha anajifungua

Mjukuu_wa_Matombo

Wakuu nimerudi, nilienda Matombo kwa babu wikiendi. Nimerekodi kama masaa matatu hivi.

Kwanza jinsia. Kuna mahali babu ameandika "ndugu yangu tuliyelala naye kitanda kimoja alifariki mwaka wa matuta". Nilishaandika kwa Kiingereza kaka. Kumbe ni dada yake. Kumbe tena sio wa tumbo moja, ni mtoto wa mama mkubwa, ila kwake ni dada na akasema nikimwandika binamu atanikasirikia. So imebaki dada, na kwenye mti wa ukoo ndo inaonekana ni wa mama mwingine. Asiyeangalia mti hajapoteza kitu.

Halafu mwaka wa matuta. Mimi nilishaweka 1955 kwasababu ndo ile ghasia ya Matombo watu walipokataa kulimishwa matuta milimani. Babu akasema hapana, matuta yalianza kabla, dada alifariki watu bado wanachimba, fujo zilikuja baadae. Kwahiyo nimefuta namba, nimeandika "mwaka ambao serikali ya mkoloni ilitulazimisha kuchimba matuta". Nilikuwa nimeshaidanganya familia miaka kadhaa hapo.

Mjomba sasa. Nilimwambia amsimulie yule wa Kanada kama alivyosema Mwana Mgeta. Akasema, nanukuu: "Mjomba ni mama yako aliyezaliwa mwanaume. Akisema twende, utamuuliza mama yako twende wapi?" Nimeiweka vilevile baada ya "hawa ni wa kwetu". Ile ya shamba nimeitoa.

Iliyobaki ni mtani na ile ya bibi. Kwenye msiba wa baba yake kuna mtani alivaa kanzu ya marehemu, akaingia kaburini akajilaza akasema hatoki mpaka alipwe. Mhariri kaandika pembeni "huyu ni mlevi? kwanini hawamtoi?"

Mwana_Mgeta

Hahaha mlevi! Huyo yuko kazini. Bila mtani msiba wenyewe haujakamilika.

Kalamu_Kavu

Hapo usitumie lile neno la wasomi la mshirika wa mizaha, linamfanya aonekane mchekeshaji wa kukodi. Usitumie rafiki pia. Acha mtani, na angalia waliomzunguka wanafanya nini. Kama babu ameandika watu walicheka, au mama alitoa shilingi, hiyo ndo tanbihi yako, maana mjane anayecheka na kulipa anamwambia msomaji kuwa jambo hili lina utaratibu. Kama hajaandika, muulize nani alilipa.

Mjukuu_wa_Matombo

Ameandika! "Mama akacheka kwa mara ya kwanza toka juzi." Nilikuwa nimeiruka kwasababu niliona haina umuhimu 🤦🏾‍♀️

Mama_Nuru

Na hiyo ya mume wangu mimi ningeitoa. Watu wa kule wataelewa vibaya, utamharibia bibi wa watu jina.

Kalamu_Kavu

Mimi ningeandika "mume wangu mdogo" na kumwacha bibi aendelee na utani wake, kama kuna mahali anamwonea wivu wa uongo msomaji atashika mchezo.

Mwana_Mgeta

"Mdogo" hakusema. Hapo ndo mnapoanza tena.

Mjukuu_wa_Matombo

Mhariri naye anasema itoke. Babu nilimuuliza, akacheka sana, akasema "mbona wewe nakuita mke wangu na hujashtaki?" Kurasa mbili mbele kuna mahali bibi anamkatalia ugali anasema kamwambie yule mke wako mwingine akupikie, yaani dada yake wa miaka minne. Nafikiria niiache kavu bila mdogo, msomaji ashtuke kurasa mbili halafu afike kwenye ugali. Ila kurasa mbili ni nyingi, sijui. Jumamosi nitamtumia binamu wa Kanada bila kumwambia chochote nione anashtuka wapi.

Kanyaga_Twende

Tuletee mrejesho, na zile tanbihi 61 zimebaki ngapi sasa?

Mjukuu_wa_Matombo

Tatu. Mbili ni nyimbo za Kiluguru ambazo babu mwenyewe amekataa kuzieleza, anasema ni za ndani kwa mwali, mwanaume hatakiwi kuzijua vizuri kwahiyo hazijui vizuri 😂 Nahisi nazo nitazitoa tanbihi, zibaki hivyohivyo bila tafsiri.