Dada anatuma pauni 200 zile zile, mama anapokea pungufu. Hela inaishia wapi?

Mjukuu wa Tandika

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, maana nyumbani hakukaliki.

Dada yangu yuko Leicester, Uingereza. Kila mwezi anamtumia mama pauni 200 za dawa na matumizi. Mwezi wa kwanza alipohamia aplikesheni mpya, simu ya mama iliingia 684,000. Mwezi uliofuata, pauni 200 zile zile, ikaingia 658,000. Shilingi 26,000 hazionekani. Mimi ndiye ninayeenda kwa wakala kumtolea, kwa hiyo mnaelewa mama ananitazama kwa jicho gani. Dada anaapa ametuma kamili na kwamba aplikesheni hiyo haina ada hata senti. Zamani alikuwa anatumia nyingine yenye ada ya pauni 2.99, akaiacha kwa sababu ya hiyo ada.

Je, wakala anaweza kuwa amekata? Au mtandao?

Chuma cha Kariakoo

Pole mkuu. Hiyo ni tozo. Tangu Julai 2021 tunakatwa na hatuna pa kulalamika.

Mjukuu wa Tandika

Hapana mkuu, 658,000 ndiyo iliyoandikwa kwenye ujumbe wa kuingia, kabla sijatoa. Makato ya kutoa yalikuja baadaye, nayo mama anayafahamu vizuri.

Shemeji Mbezi

Mimi nilikuwa namtumia mdogo wangu Nairobi kutoka hapa Dar, M-Pesa kwenda M-Pesa, na makato yake yananiuma vilevile. Huduma hii ipo tangu 2015 lakini bado kutuma kutoka Tanzania kwenda nje ni ghali. Tafuta mtu wa basi umpe mkononi.

Mjukuu wa Tandika

Shemeji, sisi tunapokea, hatutumi. Na basi la Leicester sijaliona Ubungo.

Bi Kaunta

Nimekaa dirishani kwa wabadilisha fedha miaka mingi, ngoja nikusaidie. Mwambie dada afungue muamala wa kwanza na wa pili, asome mstari wa kiwango cha kubadilishia. Halafu urudi hapa.

Mjukuu wa Tandika

Amenitumia picha. Wa kwanza: pauni 1 kwa 3,420. Wa pili: 3,290. Ada kote ni sifuri.

Bi Kaunta

Basi mwizi tumempata, wala si wewe. Siku hiyo ya pili kiwango cha sokoni kilikuwa wapi, alikiangalia?

Mjukuu wa Tandika

Anasema kwenye mtandao kiliandikwa 3,400, siku zote mbili hakikucheza sana.

Bi Kaunta

Vizuri. Ile 3,420 ilikuwa juu ya soko. Hakuna mfanyabiashara anayeuza kwa hasara kila mwezi, hiyo ni chambo kwa mteja wa mara ya kwanza, na kwa kawaida wameandika kwa maandishi madogo kwamba inahusu muamala mmoja tu. Muamala wa pili ndio bei yao halisi. Kwa soko, pauni 200 ni 680,000. Mama amepata 658,000. Hizo 22,000 katikati ndizo ada, ila hawakuziita ada.

Sasa tuiweke ile ya zamani mezani. Dada alikuwa anapewa kiwango gani?

Mjukuu wa Tandika

Ameifungua sasa hivi, inaonyesha 3,385 na ada 2.99.

Bi Kaunta

Akitoa pauni 200 jumla, ada ikitoka zinabaki 197.01. Zidisha kwa 3,385, mama anapokea kama 666,879. Kwa hiyo ile "yenye ada" inampa mama karibu 8,900 zaidi ya ile "ya bure". Dada alikimbia pauni tatu akaenda kukatwa sita na nusu.

Chuma cha Kariakoo

Ndiyo maana nasema ukiona ada sifuri kimbia. Wizi mtupu.

Bi Kaunta

Hapo umepatia nusu, Chuma. Tuseme dada anatuma pauni 30 za gesi. Ya bure inaleta 98,700. Yenye ada inabakiza 27.01, yaani 91,429. Hapo ya bure imeshinda. Kwa viwango hivi, mpaka uko kwenye pauni 106 na ushee: chini ya hapo ada sifuri ina faida, juu yake kiwango kizuri ndicho kina faida. Na kiwango kikibadilika kesho, mpaka nao unahama, kwa hiyo hii namba isikaririwe.

Ndiyo maana pia asigawe. Akituma 100 mara mbili kwa ile ya zamani, ada inakatwa mara mbili, mama anapata 656,758. Imeshapitwa hata na ya bure.

Akae na swali moja tu: nikitoa pauni hizi, mama anasoma shilingi ngapi kwenye simu? Afungue zote mbili dakika ileile, kabla ya kubonyeza kutuma.

Mzee wa Upanga

Mimi naona kote mnapoteza. Apokee pauni kwenye akaunti ya fedha za kigeni benki, abadilishe mwenyewe siku kiwango kikiwa kizuri. Wakati dola zilipoadimika 2023 tulifaidi sana.

Bi Kaunta

Shikamoo mzee. Kwa mtu wa maelfu ya pauni nakubaliana nawe. Kwa 200, benki ya huko inatoza kutuma, benki ya katikati inaweza kumega njiani, na ya hapa inatoza kupokea. Na aliyesubiri mwishoni mwa 2024 akitegemea shilingi iendelee kushuka, shilingi ilipanda ghafla.

Mzee wa Upanga

Marahaba. Ya 2024 usinikumbushe.

Dokta wa Laini

Kabla hajarudi kwenye ile ya zamani, kuna jambo moja. Laini ya mama imesajiliwa kwa jina la nani?

Mjukuu wa Tandika

La kwangu. Laini zilipozimwa Januari 2020 mama hakuwa na namba ya NIDA, nikamsajilia.

Dokta wa Laini

Nilijua. Hapa kibandani kwangu naiona sana. Baadhi ya aplikesheni zinalinganisha jina la mpokeaji na jina la laini, yasipofanana hela inashikiliwa au inarudi kwa mtumaji. Ikirudi, dada anapata pauni zake, lakini atatuma upya kwa kiwango cha siku hiyo. Piga *106# uone laini zilizo chini ya namba yako ya NIDA. Ama dada aandike jina lako, ama mama asajiliwe laini yake. Hilo la pili ndilo la haki, maana wewe ukifariki leo hela za mama ziko kwenye jina la marehemu.

Mjukuu wa Tandika

Mkuu, usinizike bado. Lakini kweli, kwenye ile ya zamani dada alikuwa anaandika jina langu, mwezi uliopita ndipo alipobadili.

Chuma cha Kariakoo

Swali: dada analipia kwa kadi ya mkopo au ya akaunti yake? Nasikia ya mkopo inahesabiwa kama umetoa fedha taslimu.

Bi Kaunta

Hapo Chuma umelenga. Baadhi ya kadi za mkopo hutoza ada na riba tangu siku ya kwanza, na aplikesheni haitakuonyesha kwa sababu anayekata ni benki ya kadi. Aangalie taarifa ya kadi.

Mjukuu wa Tandika

Nimemuuliza, kanijibu "nitaangalia", na kwa dada yangu hilo linaweza kuwa Krismasi. Hesabu ya 684 na 658 nimemsomea mama mara mbili. Amesema ameelewa, ila mwezi huu anakwenda kwa wakala mwenyewe.